Naomba ushauri: ndege niliowabandika angani, mabawa niyatie ukungu vipi?

Wakuu, nina picha ya bahari yenye anga tupu, nimepiga kwa lenzi ya 24mm, shata 1/60, sensa ya fremu kamili, upana pikseli 6000. Nataka kuongeza kundi la ndege.

Ukubwa nimekokotoa: ndege mwenye upana wa mita 1 ncha hadi ncha ya mabawa, akiwa mbali mita 100, anachukua pikseli 40 tu, akiwa mita 200, pikseli 20. Wadogo kweli, ila ndivyo macho yanavyoamini.

Mwendo ndio unanisumbua. Akiruka mita 12 kwa sekunde, shata ikiwa wazi anasogea sentimita 20, yaani pikseli 8 kwa anayekatiza mbele ya kamera akiwa mbali mita 100. Kwenye Photoshop naweka Motion Blur, Distance 8, Angle ikifuata mdomo wake. Mwili unakubali, lakini ncha za mabawa zinabaki kali mno, wakati zenyewe hupanda na kushuka. Je, niyatenge mabawa kwenye leya yake na kuyatia ukungu wa wima? Kiasi gani?

Na wale wanaokuja moja kwa moja kwenye kamera, miili niiache bila ukungu kabisa?