Tupeane uzoefu: ufa ukutani, ulijuaje kama ni wa plasta au wa msingi?

Mkazi_Kibaha: Wakuu, nyumba yangu ni ya tofali za saruji, ipo Kibaha kwenye ule mfinyanzi unaopasuka kiangazi. Picha niliyoweka ni ya ukuta wa chumba cha mwisho, niliipiga Septemba. Ufa umeanzia juu kidogo ya msingi, katikati ya ukuta, ukapanda ngazi ngazi kwenda kulia hadi chini ya lenta, karibu na kona ya nyumba. Chini hata kadi moja ya benki haiingii. Juu zinaingia nne zikiwa pamoja. Waliopitia hali hii, mliamuaje?

Fundi_Mwashi: Huo ni wa kawaida, mkuu. Nyumba mpya lazima itulie. Nimepiga plasta miaka mingi, nyufa nyembamba naziona kila mahali na hakuna nyumba iliyoanguka. Kwangu mimi ufa wa kuogopa ni ule unaopitisha kidole.

Bi_Rehema: Na mimi kwangu sebuleni plasta imejaa vijiufa kama utando wa buibui. Nipake rangi gani isionekane?

Mhandisi_Majengo: Bi Rehema, vijiufa vinavyokwenda kila upande bila mwelekeo, vyembamba kama unywele, mara nyingi ni plasta iliyokauka haraka au iliyozidishiwa saruji. Gonga pale kwa kifundo cha kidole. Ikilia mvungu, plasta imeachia ukuta, ibandue upige upya kabla ya rangi.

Fundi, kwa vijiufa vya namna hiyo uko sahihi. Huu wa Kibaha ni mwingine, na upana wake peke yake hausemi mengi: kadi moja ni kama milimita 0.8, kwa hiyo juu tuna milimita 3 hivi. Angalia mwelekeo. Ufa wa mshazari hupanda kuelekea upande uliotitia, maana kipande cha ukuta kilicho chini yake ndicho kinachoshuka. Hapa kona ya kulia imeshuka. Tena umepanuka kadiri unavyopanda, dalili kwamba kona inashuka huku ikiinamia nje. Kama katikati ya nyumba ndiyo ingetitia, kwa kawaida ungekuta upana uko chini. Lenta imeuzuia usiendelee juu. Nikumbushe pia kwamba picha iliyopigwa kwa upande hudanganya upana. Simama mbele ya ukuta, bandika rula ya shule kando ya ufa, kisha piga nyingine kwa mbali ukuta wote uonekane. Na nje je, upo?

Mkazi_Kibaha: Upo, mahali palepale. Kona hiyo ina mwembe kama mita 3 kutoka ukutani.

Mhandisi_Majengo: Basi ufa umekata tofali au viungo vyake, si plasta tu. Kiangazi mfinyanzi wa pembezoni mwa nyumba hukauka na kusinyaa kabla ya ule wa chini ya sakafu, na mizizi inaukausha zaidi. Kona inakosa pa kukalia.

Fundi_Mwashi: Hapo nimekuelewa. Kata mwembe, ziba ufa, kazi imekwisha.

Mhandisi_Majengo: Usikate kwa haraka, nakusihi. Mti mkubwa ukiondoka, mfinyanzi unarudisha maji, unavimba, na kona inaweza kuinuliwa. Na ufa ukizibwa kwa saruji ngumu kiangazi, mvua zikija ukuta hauna nafasi ya kurudi, unapasuka kando.

Mzee_Mgeta: Mimi nilikuwa na ukuta wa kuzuia udongo mlimani. Ufa wake ulilala mlalo, kwenye picha mwembamba kabisa. Nilipovuta uzi kutoka mwisho hadi mwisho nikaona tumbo limetokeza mbele. Tuliwahamisha watoto wanaolala upande ule kabla ya masika. Ufa wa mlalo wenye tumbo msiupimie kwa kadi.

Mhandisi_Majengo: Kweli kabisa, mzee, huo ni wa kuita mtu siku hiyohiyo. Kwa Mkazi: chora mstari wa penseli kila mwisho wa ufa, andika tarehe, weka alama sehemu tatu na upime palepale kila mwezi hadi masika yapite. Ukijifunga mvua zikinyesha na kufunguka kiangazi, ni udongo unaopumua. Ukiongezeka tu bila kurudi, ukivuka milimita 5, au mlango ukianza kukwama, picha haitoshi tena.

Mkazi_Kibaha: Narudi baada ya mvua za vuli. Juu sasa zinaingia kadi mbili, alama za mwisho hazijapitwa. Nimeelekeza maji ya paa mbali na msingi, ila kitasa cha mlango wa chumba hicho kimeanza kugoma.

Mhandisi_Majengo: Kujifunga ni dalili nzuri. Kitasa kinanitia shaka, kwa sababu huenda kona inainuka sasa. Piga picha ya fremu yote ya mlango, na timazi ikining'inia kando yake.