Naomba ushauri: bamba la chini la nguzo ya godauni, unene ama mbavu?

Habari zenu wakuu. Nguzo ni ya UC 203, godauni liko Changamwe, Mombasa. Mzigo wa usanifu wa wima ni 150 kN, momenti 90 kNm, zege la 25 N/mm². Bamba nimeweka 500 × 400 mm, boliti nne za M24 daraja 4.6, sentimita 5 kutoka ukingoni.

Zege nikilipa mkazo wa 15 N/mm², sehemu inayokandamizwa ni kama 47 mm tu pale ukingoni, yenye 281 kN. Ukitoa 150, mvuto ni 131 kN, yaani 66 kwa kila boliti. Boliti inabeba takriban 84, sawa.

Shida ni unene. Upande wa mvuto 25 mm inatosha, na fundi ameng'ang'ania hapo. Lakini upande wa mkandamizo bamba limechomoza karibu 150 mm nje ya nguzo, na hesabu inadai 42, yaani 45 mm. Nikilifupisha liwe 400, unene unashuka hadi 35, ila kila boliti inavutwa 100 kN, inafeli.

Mngechagua lipi: 45 mm, mbavu za kuchomelea juu ya 25 (kwa chumvi ya hapa, pembe hizo zinatunza kutu), ama bamba fupi na boliti za 8.8?