Mdogo wangu kapata majina ya tamathali, maelezo ya athari kakosa yote. Naomba ushauri

DadaWaUjiji: Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu yupo kidato cha tatu. Kwenye karatasi ya mazoezi ya fasihi wamepewa sentensi nne, ataje tamathali ya semi kama ipo na aeleze athari yake kwa msomaji. Ni hizi:

"Ziwa lilikataa kumrudisha baba."
"Macho ya bibi harusi yalikuwa kama karabai ziwani, vijana wakasogea mmoja mmoja."
"Mjomba ni mgebuka mkavu, shati linamning'inia."
"Walirudi na ndoo kama tatu za dagaa."

Alijibu tashihisi, tashibiha, sitiari, tashibiha. Kwenye athari kaandika kote "imetumika kupamba lugha". Kapata 3 kati ya 8, na ile ya dagaa imepigwa mkasi. Kakasirika hataki hata kula. Nimwelekezeje?

MvuviKibirizi: Dada, huyo mtoto kaonewa. Ukiona "kama", "mithili ya" au "mfano wa", hiyo ni tashibiha. Tulifundishwa hivyo. Adai alama yake.

MwalimuMstaafu: Ndugu yangu wa Kibirizi, "kama" inakuanzishia safari tu, haikufikishi. Tashibiha inataka vitu viwili visivyo vya jinsi moja, na sifa inayovikutanisha. Kwenye ndoo za dagaa hakuna kitu cha pili. Weka "takriban" mahali pa "kama": "ndoo takriban tatu" inasomeka vizuri. Sasa sema "macho takriban karabai" uone inavyokwama. Pale mwalimu alikuwa anamtega, na jibu ni kwamba hakuna tamathali.

Tatizo kubwa liko kwenye "kupamba lugha". Jibu hilo linakaa kwenye sentensi yoyote, kwa hiyo halijasema lolote kuhusu hii. Mwambie aiandike sentensi upya bila tamathali, kisha atazame kilichopotea. Kile kilichopotea ndicho athari.

Achukue ya kwanza. Bila tamathali inakuwa "Baba alikufa maji." Kimepotea nini? Kwanza, ziwa lilikuwa na nia: mtu hukataa baada ya kuombwa, kwa hiyo tunaiona familia ikisimama ufukweni ikiomba. Pili, wana wa kumlaumu. Tatu, neno "kufa" halikutamkwa kabisa, msimuliaji bado hawezi kulitamka. Akiandika hayo kwa maneno yake, atapata alama. Tena hapo tashihisi imebeba tafsida mgongoni, akiitaja na hiyo si kosa.

MamaSikonge: Na mimi nipo Tabora, wangu aliandika "amepiga moyo konde" kuwa ni sitiari akakoseshwa. Mwalimu kasema ni nahau. Mbona moyo haupigwi konde kweli?

MwalimuMstaafu: Mama, nahau ni usemi uliokwisha kuzoeleka, watu wote wanautumia kwa maana ileile. Sitiari, mwandishi ameiunda mwenyewe pale kwenye kazi yake. Lakini fungua uzi wako, tutajadili vizuri, hapa tutampoteza Dada.

MvuviKibirizi: Nimekuelewa mzee, narudisha maneno yangu kuhusu ndoo. Ila kwenye karabai nina la kusema, maana nimevulia karabai miaka mingi kabla hatujahamia taa za sola. Mtoto akiandika "macho yanang'aa" atakuwa kaacha nusu. Karabai tunaiwasha usiku wa giza ili dagaa wapande kuifuata, halafu ndipo wavu unanyanyuliwa. Wale vijana "wakasogea mmoja mmoja" ndio dagaa wenyewe! Wanavutwa, na kuna wavu chini yao.

MwalimuMstaafu: Hilo nisingeliona mimi, niliyekulia Nzega. Andika hivyohivyo, Dada.

DadaWaUjiji: Nimemsomea, kacheka, sasa anakula. Ila kwenye mgebuka ameniuliza swali. Kwetu mgebuka mkavu ni kitoweo cha kupelekea wageni, basi mjomba anasifiwa?

MwalimuMstaafu: Afuate shati. Linamning'inia, kwa hiyo sifa iliyochukuliwa ni kukonda na kukauka. Sentensi ingeendelea "kila mgeni anamtaka mezani", tungesoma vingine. Na kwa sababu hakuna "kama", mjomba hafananishwi tu, amegeuzwa samaki kabisa. Ndiyo maana inauma kuliko tashibiha.

KijanaMwandiga: Samahani, sisi tulipewa "Usiku uliimeza mitumbwi." Mimi niliandika tashihisi nikapata, rafiki yangu wa mkondo mwingine kaandika hivyo akakosa, kaambiwa sitiari.

MwalimuMstaafu: Kumeza si kwa binadamu peke yake, hata chatu humeza. Mimi ningesema sitiari, usiku umefanywa mnyama.

DadaWaUjiji: Lakini mzee, mdogo wangu anasema tashihisi ni kukipa uhai kisicho nao, na mwalimu wao aliwaambia hivyo.

MwalimuMstaafu: Wapo wanaofundisha hivyo, na sitampinga mwalimu wake mbele yake. Aandike jina analofundishwa darasani kwao, ila kwenye athari asisahau kwamba kilichomezwa hakionekani tena.