Manyigu chini ya upenu: tupeane uzoefu, nani alitoa mwenyewe na nani aliita mtu?

Mama Asifiwe (Ndendere)
Jambo kwenu wote. Hapa kwangu Bukavu manyigu wamejenga chini ya upenu, juu ya mlango wa jikoni. Kiota kinaning'inia kwa kikonyo chembamba, chini kiko wazi, ukiinua macho unaona vijumba vyao. Ukubwa ni kama kiganja cha mtoto. Kijana wa jirani anataka nimpe esansi akichome, na nyumba yangu ni ya mbao! Mlioyapitia haya mlifanyaje?

Kijana wa Nguba
Kuchoma hapana mama. Imwage tu esansi usiku, wanakufa palepale. Sisi tulifanya hivyo, asubuhi tukafagia.

Fundi Mabati
Kijana, kwa usiku umesema kweli, esansi iache. Inanyonywa na mbao, mvuke wake unashuka, na chini kuna mbabula yenye makaa. Kiota kidogo kilicho wazi namna hiyo mimi hukitoa kwa sabuni. Natia vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya maji katika lita moja ya maji, ndani ya pompi ya kupulizia. Nangoja giza liingie vizuri na baridi ishuke, maana saa hizo wote wamerudi na wamelegea. Sabuni inawalowesha, inaziba vitundu vyao vya kupumulia, wanaanguka. Tochi usiishike mkononi, iweke pembeni, kwa sababu wakiruka wanafuata mwanga. Kesho yake kwangua hadi kikonyo, halafu paka rangi au mafuta pale. Watakaolala nje watazungukazunguka siku mbili tatu, waache.

Lakini nikikuta kiota kiko karibu na waya wa SNEL unaoingia nyumbani, sipulizi maji. Na kama kinataka ngazi ndefu, siendi peke yangu. Mtu akichomwa akiwa juu anaachia mikono.

Mwalimu wa Panzi
Kwangu ni vile vya udongo, kama vidole vimebandikwa ukutani. Nipulize sabuni hiyohiyo?

Fundi Mabati
Hao ni wengine kabisa, mwalimu. Mmoja anajenga peke yake, anajaza buibui kwa ajili ya watoto wake, na hana haja na wewe. Kwangua kwa kisu mchana, basi.

Papa Furaha (Kadutu)
Mimi nilidhani ni manyigu, kumbe! Kiota hakikuonekana. Niliona tu wadudu wanaingia na kutoka penye ufa kati ya ukuta na mabati. Mpangaji mwenzangu akaziba ufa kwa simenti usiku, akalala akijisifu. Asubuhi walishuka ndani kupitia tundu la taa kwenye plafo. Watoto walitolewa kwa dirisha.

Aliyetusaidia ni mfuga nyuki kutoka upande wa Kabare. Hakugusa kitu kwanza. Alifungua ule ufa, akasimama mbali kwenye jua anawatazama. Wengine walirudi na unga wa njano miguuni, akasema hawa ni nyuki, manyigu hawabebi huo. Jioni aliweka sikio chini ya plafo, akatafuta mahali panapovuma zaidi, akachora kwa mkaa. Akavaa, akapuliza moshi, akakata ubao palepale alipochora. Masega yalikuwa marefu kuliko mkono wangu! Aliyatoa yote, hata makavu. Nilimuuliza kwa nini anahangaika na makavu, akanijibu kwamba ukiua nyuki ukaacha masega, asali itavuja kwenye plafo, siafu watakuja, na harufu ya nta itaita kundi lingine. Ufa ulifunikwa mwisho, baada ya kusafisha.

Yaya Muuguzi
Naongeza moja. Mahali palipochomwa pakivimba tu, barafu inatosha. Lakini mtu akitoka vipele mwili mzima, akivimba midomo, akihema kwa shida au akizimia, msimpe maziwa, mkimbizeni hospitali achomwe adrenalini. Inaweza kuanza ndani ya dakika chache. Aliyewahi kupata hivyo asishike pompi, hata kiota kiwe kidogo namna gani.

Mama Asifiwe
Aksanti sana. Changu kiko wazi, waya uko upande mwingine, nitafanya kwa sabuni.

Mwalimu wa Panzi
Au ukiache tu? Manyigu wanakamata viwavi kwenye sombe na kabichi zangu, sijawahi kuwagusa.

Mama Asifiwe
Mwalimu, juu ya mlango wa jikoni, na watoto wanaupigisha kutwa?

Mwalimu wa Panzi
Hapo sina jibu. Kingekuwa nyuma ya shamba ningekutetea.

Kijana wa Nguba
Papa Furaha, ule ubao wa plafo uliokatwa alilipa nani, mwenye nyumba au wewe?

Papa Furaha (Kadutu)
Mpaka leo tunabishana.