Alama 66 zinatosha kumhamishia mtoto kitengo?

Mama wa Pasua: Binti yangu ana miaka 10, yuko Darasa la Nne hapa Moshi. Hajui kusoma. Amepimwa akili akapata 66, shule inataka ahamie kitengo cha ulemavu wa akili. Lakini namtuma Mbuyuni peke yake, analeta vitu vyote na chenji kamili. Nikubali?

Mwalimu mstaafu, Kiborloni: Pole mama. Mpaka ni 70, naye yuko chini. Ukimng'ang'aniza darasa la kawaida unamtesa.

Mwanasaikolojia wa watoto: Shikamoo mwalimu. Huo 70 si ukuta. Kipimo kina kosa lake, kama alama 5 juu au chini, kwa hiyo 66 inaweza kuwa 61 au 71. Tena alama pekee haithibitishi ulemavu wa akili. Lazima ionekane pia kwamba maisha ya kila siku yanamshinda kuliko wenzake wa rika lake: hesabu, fedha na saa, kuelewana na watu, kujihudumia. Tangu DSM-5 ya 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, hata ukubwa wa ulemavu hupimwa kwa hayo, si kwa alama. Mama, uliulizwa anaishije nyumbani? Na alipimwa kwa lugha gani?

Mama wa Pasua: Sikuulizwa lolote. Alipimwa kwa Kiingereza. Nyumbani tunaongea Kichaga na Kiswahili.

Baba wa Majengo: Basi mzima huyo! Anayejua chenji hana ulemavu wowote.

Mwanasaikolojia wa watoto: Taratibu, kaka. Eneo moja likimshinda sana, linatosha kutia shaka. Chenji anaipigia hesabu mwenyewe, au muuzaji anamjua na anampa tu? Akitumwa duka geni, bei ikibadilika, inakuwaje? Tunatafuta anachofanya kila siku bila kusaidiwa, si alichoweza siku moja. Kama anayamudu hayo na kinachomshinda ni kusoma tu, ningeanza na masikio, macho, kisha ugumu wa kusoma wenyewe.

Bibi wa Soweto: Mjukuu wangu naye aliulizwa kama anajifulia na kujipikia. Ana miaka 12, hajui, lakini dada wa kazi ndiye anayefanya yote! Wakaandika hawezi.

Mwanasaikolojia wa watoto: Shikamoo bibi. Hapo walipaswa kutofautisha asiyeweza na asiyepewa nafasi. Afundishwe wiki chache, kisha atazamwe tena. Ndiyo maana huwa naomba mzazi na mwalimu waulizwe, kila mmoja peke yake. Wakitofautiana, naenda kumwona mtoto mwenyewe.

Mwalimu mstaafu, Kiborloni: Marahaba. Kuhusu lugha nimekuelewa, arudiwe kwa Kiswahili. Ila hata maswali yenu ya nyumbani, kama ya dodoso la Vineland, viwango vyake ni vya watoto wa Marekani. Wa kwetu anabeba mdogo wake mgongoni akiwa na miaka 7. Mnamlinganisha na nani?

Mwanasaikolojia wa watoto: Kweli, mwalimu. Mimi huuliza pia wa rika lake mtaani wanafanya nini, lakini hilo halina alama ya kuandika kwenye fomu.

Mama wa Pasua: Na shule inataka fomu Jumatatu.

Mwalimu mstaafu, Kiborloni: Waandikie unaomba arudiwe kwa Kiswahili nawe uhojiwe, na abaki darasani kwake mpaka majibu yatoke. Ila nani atamfundisha kusoma kipindi hicho chote? Hilo bado sijajibiwa.