Makato mawili ya Rukia

*Kikundi: Ukoo wa Chumbageni, Tanga*

Rukia, 19:42
Shikamooni wakubwa. Ile aplikesheni ninayoandikia ankara za sare za shule imenikata mara mbili. Tarehe 3 shilingi 12,900, na jana tarehe 7 tena 12,900. Kesho nilikuwa ninunue zipu na uzi, sasa hela haitoshi.

Mjomba Salim, 19:45
Marahaba mwanangu. Subiri, itarudi yenyewe. Mimi nilikatwa mara mbili hotelini Arusha, siku chache baadaye moja ikarejea.

Shangazi Mwanaidi, 19:47
Hata mimi! Nimenunua umeme wa 10,000, simu ikaganda, nikanunua tena, tokeni imekuja moja. Rukia, waambie benki wafunge kadi usiku huuhuu.

Idrisa, 19:58
Shikamoo mjomba, shikamoo shangazi. Rukia, kadi usiifunge kwanza, utakosa ankara za shule. Mjomba, ile ya hotelini ilikuwa hela imeshikiliwa tu, haijachukuliwa, ndiyo maana ikaachiwa. Hii ina siku 4 katikati. Mdogo wangu, kwenye meseji za kadi, nani kakata?

Rukia, 20:03
Ya tarehe 3 ina jina la aplikesheni yenyewe. Ya tarehe 7 imeanza na GOOGLE * halafu ndiyo jina hilo.

Idrisa, 20:05
Basi unalipa kwa njia mbili. Nenda kwenye barua pepe, tafuta neno receipt. Usihangaike na Kiingereza chote. Angalia nani katuma, namba, kipindi kilicholipiwa, na risiti imetumwa kwa anwani gani.

Rukia, 20:21
Hizo barua huwa nazipita nikidhani ni matangazo. Nimeziona mbili. Ya kwanza imetoka kwa wenye aplikesheni, imekuja kwenye anwani ya kazini:
```
Billing period: May 3 - Jun 3
```
Ya pili imetoka Google Play, imekuja kwenye anwani yangu ya zamani, na namba yake inaanza hivi:
```
Order number: GPA.
```

Idrisa, 20:26
Hiyo GPA ni oda iliyopitia Play Store ya simu. Ingekuwa mashine yao imekosea, ungekuta makato mawili kwa risiti moja. Wewe una risiti mbili, namba mbili, anwani mbili. Angalia na Aprili.

Rukia, 20:31
Zipo! Tarehe 3 na tarehe 7 vilevile. Mwezi wa 3 ipo moja tu.

Mjomba Salim, 20:33
Kwa hiyo ya Aprili haikurudi. Mwanangu, mwezi wa 4 ulifanya nini na simu?

Rukia, 20:36
Nilinunua simu mpya. Nilipofungua aplikesheni iliuliza kama niingie kwa Google, nikakubali. Ikaniambia nilipie ndipo niweke nembo ya duka kwenye ankara. Nikadhani ndiyo malipo yangu ya kila mwezi.

Idrisa, 20:40
Ndipo ilipofunguka akaunti ya pili, nayo haijui kama ya kwanza imelipiwa. Ankara za shule ziko wapi?

Rukia, 20:44
Kwenye ya kwanza, ile niliyoilipia kwenye kompyuta ya duka. Ya simu ina ankara mbili tu. Basi naifuta aplikesheni kwenye simu.

Idrisa, 20:46
Ukiifuta, makato yataendelea. Fungua Play Store, bonyeza picha yako juu, ingia Payments & subscriptions, kisha Subscriptions, chagua aplikesheni hiyo, halafu Cancel subscription. Hakikisha uko kwenye ile anwani ya zamani, la sivyo utaona orodha tupu. Ukimaliza, ingia upya kwa anwani ya kazini.

Hela ya jana omba Google leo, saa 48 hazijapita. Zikipita wanakurudisha kwa wenye aplikesheni. Ya Aprili ndiyo uwaandikie wao, uweke namba zote mbili.

Shangazi Mwanaidi, 20:49
Na umeme wangu?

Idrisa, 20:52
Shangazi, hiyo ni habari nyingine. Kama hela imetoka mara mbili kwenye simu, tafuta kumbukumbu namba ya muamala wa pili uwapigie mtandao wako. Kama imetoka mara moja, tokeni ni moja.

Rukia, 21:15
Nimesitisha, barua imekuja: naweza kutumia mpaka Juni 7, halafu basi. Maombi ya hela ya jana nimetuma. Kwa wenye aplikesheni nimeandika hivi, kaka Idrisa utaitafsiri: "Mteja mmoja, akaunti mbili, Aprili nimelipa mara mbili. Akaunti ya pili ina ankara mbili tu. Naomba mnirudishie malipo yake."

Mjomba Salim, 21:18
Watarudisha?

Idrisa, 21:20
Ya jana nina matumaini. Ya Aprili ni hiari yao, kitufe alikibonyeza mwenyewe. Rukia, ongeza tarehe na namba ya GPA ya Aprili, nitaitafsiri sasa hivi.

Mjomba Salim, 21:24
Hela ya zipu natuma mimi. Utanirudishia shule wakilipa.