Dashibodi za ghala zenye geji kubwa katikati: meneja aifanyie nini?

MpangaRafu
Wakuu, wanaotengeneza hizi dashibodi watuambie: ile geji inayokula nusu ya skrini na kuandika "Mzunguko: 12" ni ya nani? Meneja wa ghala akifungua skrini asubuhi, hiyo 12 inamtuma afanye nini?

Na yenyewe inadanganya. Chukua bidhaa mbili, kila moja ina akiba ya wastani yenye thamani ya 1,000. Kwa mwaka ya kwanza imetoka ya 22,000, ya pili ya 2,000. Jumla 24,000, gawa kwa 2,000, unapata 12. Ukiitazama utadhani mzigo unakaa mwezi mmoja. Kumbe wa kwanza unakaa kama siku 17, wa pili nusu mwaka. Mmoja unakimbia, mwingine umedoda, na geji iko kijani!

Upungufu sasa. Umefichwa ukurasa wa tatu, umepangwa kwa alfabeti, na rangi inafuata kiwango cha chini ambacho mtu alikijaza siku mfumo unawekwa na hakikuguswa tena. Bidhaa A iko 120, kiwango chake 100, kwa hiyo kijani. Lakini inatoka 20 kwa siku, na oda huchukua siku 9 kufika. Akiba ni ya siku 6, maana yake umeshachelewa siku 3. Bidhaa B iko 40, kiwango chake 50, inawaka nyekundu. Inatoka 1 kwa siku, na oda yake nayo ni siku 9! Mnamkimbiza mtu kwenye B huku A inakatika.

Ninachotaka si kigumu. Juu kushoto, jicho linapoanzia, liwe jedwali la upungufu lililopangwa kwa pengo, dogo kabisa likiwa juu:

```
siku_za_akiba = idadi / matumizi_kwa_siku
pengo = siku_za_akiba - siku_za_oda_kufika
```

A itakaa juu na -3, B itashuka chini na +31. Pembeni yake tarehe ya oda iliyo njiani, ili mtu asiagize mara mbili. Kulia zikae zilizododa. Mzunguko uende chini kabisa, kwa kundi la bidhaa, kwa mwezi. Hakuna anayeuamulia jambo kila asubuhi.

Kibandiko7
Uko sahihi mkuu, ila hata kwangu dashibodi ni nzito, inachukua dakika nzima kufunguka. Nikipunguza chati itasaidia?

MpangaRafu
Hapa tunalalamikia mpangilio, kasi ina uzi wake.

DaftariLaStoo
Naona mnazunguka. Chukua jumla iliyotoka siku 30, gawa kwa 30, hayo ndiyo matumizi ya siku. Yaliyobaki ni mapambo.

BinHesabu
Nusu ya jibu hiyo, ndugu. Bidhaa iliyokatika siku 10 kati ya 30 haikutoka siku hizo kwa sababu haikuwepo. Kama zilitoka 200, ukigawa kwa 30 unapata kama 6.7. Gawa kwa siku 20 ilipokuwepo, unapata 10. Hesabu yako inaishusha bidhaa ileile inayokatika mara kwa mara, hivyo inaagizwa kidogo na inakatika tena. Dalili yake utaiona: majina yaleyale yanarudi kwenye upungufu kila mwezi.

Mleta uzi, hizo zilizododa nazo zina mtego. Mifumo mingi inasoma "tarehe ya mwisho kuguswa". Ukihamisha boksi kutoka rafu moja kwenda nyingine, au ukasahihisha idadi baada ya kuhesabu, tarehe inakuwa mpya na boksi lililolala mwaka mzima linatoka kwenye orodha. Soma tarehe ya mwisho kutoka kwa mteja tu. Na weka safu ya siku tangu ilipopokelewa mara ya kwanza, la sivyo bidhaa iliyoingia juzi itaitwa imedoda.

MamaVipuri
Hiyo orodha ilishaniletea ugomvi. Vipuri vya mashine vinaweza kukaa miezi 8 bila kuguswa, na mhasibu akiviona anataka viuzwe. Siku mashine ikizima atamuuliza nani?

BinHesabu
Vipe alama ya "akiba ya dharura", vikae kwenye orodha yao, mama. Visichanganywe na vilivyododa. MpangaRafu, "idadi" yako pia ina kasoro: kama kati ya hizo 120 za A, 40 zimeshatengewa oda za wateja, zimebaki 80, yaani siku 4.

MpangaRafu
Hapo sikubali. Hizo 40 ndizo zitakazotoka kesho na keshokutwa, na zimo tayari kwenye ile 20 kwa siku. Ukizitoa kisha ukagawa, umezihesabu mara mbili.

BinHesabu
Kama ni oda za kawaida, sawa. Kama ni oda moja kubwa isiyo ya kawaida, haimo kwenye wastani wowote. Skrini yako itazitofautishaje?